Primiamu ikishuka, eksesi ikapanda: mwisho wa mwaka mfukoni unabaki na nini?

Haya jamani, habari za mchana, nashukuru mmekaa maana najua wengine mna safari. Mwenyekiti aliniomba niongee kuhusu bima ya gari nikamwambia bima ya gari ni pana sana, tukianza yote tutalala hapa, kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu, kile kistari kidogo kwenye fomu kinachokuuliza unataka eksesi kiasi gani. Wengi tunajaza bila kufikiria, ajenti anasema weka hii inashusha bei, tunaweka, basi. Mimi nimekaa meza ya klemu miaka 11, yaani ule upande ambao mtu anakuja gari limeshaumia, na nawaambia kutoka moyoni, machozi mengi niliyoyaona pale hayakutokana na ajali, yalitokana na hicho kistari.

Kwanza tuelewane maneno. Primiamu ni ile hela unayolipa kila mwaka upate bima, ugonge usigonge, imeenda. Eksesi ni kile kipande cha hasara ambacho mmekubaliana utakibeba wewe mwenyewe kila ukidai. Gari limepata uharibifu wa 180,000, eksesi yako ni 50,000, kampuni inalipa 130,000, hiyo 50,000 unatoa wewe. Na ni kwa kila klemu, sikilizeni hapo, kila klemu na sio kwa mwaka. Ukigonga mara mbili mwaka mmoja unaitoa mara mbili. Naongelea bima kubwa hapa, ile inayotengeneza na gari lako. Kama una bima ndogo ya kumlipa uliyemgonga tu, gari lako hawaligusi kabisa, kwa hiyo hesabu ya leo kwa sehemu kubwa haikuhusu.

Sasa hizo namba ninazotaja sitaziwekea sarafu ya nchi yoyote, nasema hela tu, wewe badilisha uweke za kwako ukifika nyumbani. Kinachobaki ni uhusiano wa namba zenyewe, sio ukubwa wake.

Tuchukue gari moja la thamani ya milioni 2. Ajenti anakuletea karatasi ina mistari mitatu. Mstari wa kwanza eksesi 20,000, primiamu 80,000 kwa mwaka. Wa pili eksesi 50,000, primiamu 70,000. Wa tatu eksesi 100,000, primiamu 64,000. Mtu akiona 64,000 macho yanang'aa, anasema mi nachukua hiyo ya chini, naokoa 16,000 kila mwaka, na mimi dereva mzuri sigongi. Hebu tulia kwanza.

Swali la kujiuliza ni rahisi sana. Nikipanda kutoka mstari huu kwenda ule, naokoa kiasi gani kwa mwaka, na siku nikigonga naongeza kiasi gani? Ukigawanya cha pili kwa cha kwanza unapata miaka. Kutoka 20,000 kwenda 50,000, siku ya ajali unaongeza 30,000, na kila mwaka unaokoa 10,000. 30 gawa kwa 10 ni 3. Maana yake ukikaa miaka zaidi ya 3 kati ya klemu moja na nyingine, umeshinda. Ukidai mara nyingi zaidi ya hapo, umeshindwa. Hiyo ndio hesabu yenyewe, haihitaji kompyuta, unaweza kuifanya nyuma ya risiti ya mafuta.

Sasa njoo kwenye mstari wa tatu, na hapa ndio nataka mnisikilize vizuri. Watu wanalinganisha wa kwanza na wa tatu moja kwa moja, wanaona nyongeza ni 80,000, naokoa 16,000, ni miaka 5, sawa tu nachukua. Lakini hiyo inaficha kitu. Kutoka wa pili kwenda wa tatu, siku ya ajali unaongeza 50,000, unaokoa 6,000 tu kwa mwaka. 50 gawa kwa 6 ni zaidi ya miaka 8. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri, hatua ya pili ni ghali, ukizichanganya ile nzuri inaibeba ile mbaya na wewe huoni. Kwa hiyo pima hatua moja moja, usiruke.

Tuweke miaka mitano tuone, klemu moja ndani yake. Mwenye eksesi ya 20,000 amelipa primiamu 400,000 akaongeza 20,000, jumla 420,000. Wa 50,000 amelipa 350,000 na 50,000, jumla 400,000. Wa 100,000 amelipa 320,000 na 100,000, jumla 420,000. Umeona? Yule wa kati ndio katoka na hela kidogo, na yule aliyejiona mjanja wa eksesi kubwa kalingana kabisa na yule mwoga. Ongeza klemu moja tu ziwe mbili ndani ya miaka mitano hiyo hiyo, wa kwanza anakuwa 440,000, wa kati 450,000, na wa tatu 520,000. Lakini ukikaa miaka kumi na klemu moja tu, wa kwanza ni 820,000, wa pili 750,000, wa tatu 740,000, hapo sasa eksesi kubwa inashinda, kwa 10,000 tu katika miaka kumi.

Kuna dada aliniuliza siku moja, kwa nini basi punguzo linazidi kuwa dogo kadiri eksesi inavyopanda, kampuni inatuibia? Hapana, na sababu yake ukiielewa hutasahau tena. Fikiria uharibifu kama ngazi. Karibu kila ajali inakanyaga ngazi za chini, bampa, taa, kioo cha pembeni, mlango umekwaruzwa. Ukiniambia nitabeba ngazi za chini mwenyewe, unanipunguzia mimi kampuni vikaratasi vingi sana, asesa wa kukagua uharibifu hatoki ofisini, fomu hazifunguliwi, simu hazipigwi, maana klemu ya bampa inakula muda karibu sawa na klemu kubwa. Lakini ajali zinazofika ngazi za juu ni chache, kwa hiyo ukisema nitabeba na hizo pia, kampuni haijapunguziwa mzigo mkubwa, inakupa kidogo. Hela za mwanzo za eksesi ndio zinazonunua punguzo. Za mwisho zinanunua kidogo sana ila siku ya ajali zinauma sawa na za mwanzo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwenye meza ya klemu tulikuwa tunakiona kila wiki na mteja hakioni. Diskaunti ya kutodai. Kampuni nyingi zinakupunguzia primiamu kila mwaka unaopita bila klemu, na ukidai wanakurudisha nyuma. Kwa hiyo ukidai kuna gharama mbili, eksesi ya leo na diskaunti uliyopoteza kesho, na hii ya pili haiandikwi popote siku unajaza fomu ya klemu.

Turudi kwa yule wa eksesi 20,000. Hiyo 80,000 yake ilikuwa imeshapunguzwa, bei kamili ni 100,000 na ana diskaunti ya asilimia 20. Akidai, tuseme kwa masharti ya kampuni yake, mwaka unaofuata analipa 100,000 nzima, mwaka wa pili 90,000, wa tatu ndio anarudi 80,000. Kapoteza 20,000 na 10,000, jumla 30,000. Sasa kuna mzee mmoja alikuja kwetu, karudi nyuma kwenye maegesho kagonga nguzo, bampa la nyuma limepasuka na taa moja imevunjika, gereji imeandika 45,000. Kakaa kwenye benchi tangu asubuhi na picha kwenye simu, ananionyesha, hapa na hapa, ameshika na kile kipande cha plastiki chekundu cha taa kwenye mfuko wa nailoni kama ushahidi. Kadai. Kampuni ikalipa 25,000 baada ya kukata eksesi. Akafurahi akanishika mkono. Mwaka uliofuata akarudi na karatasi ya kuhuisha bima mkononi, kimya kabisa, akaniuliza mwanangu hii imekuwaje. Alipokea 25,000, diskaunti aliyopoteza ni 30,000. Angetengeneza kwa hela yake angebaki na 5,000 mfukoni na siku nzima asingekaa kwenye benchi. Na mimi nilimpa fomu mwenyewe, hilo linanikera mpaka leo, maana ningemkalisha dakika tano angeondoka na jibu tofauti.

Kwa hiyo mwenye eksesi ya 20,000 kwa kweli hana bima ya kuanzia 20,000. Kizingiti chake halisi ni eksesi jumlisha diskaunti atakayopoteza, 20,000 na 30,000, yaani 50,000. Chini ya hapo akidai anajiumiza. Analipa primiamu ya mtu mwenye ulinzi mdogo mdogo ambao akiutumia unamgharimu. Si kwamba ile eksesi ndogo haina kazi kabisa, siku ya ajali kubwa bado inamsaidia, analipa 20,000 badala ya 50,000. Lakini kwenye ile hesabu yetu ya miaka 3, mikwaruzo usiihesabu. Hesabu zile tu ambazo kweli ungepeleka klemu. Na watu wengi wakikaa wakakumbuka vizuri, mikwaruzo imetokea mitano ila za kupeleka klemu labda moja, labda hakuna. Hapo ndipo eksesi ya kati inapoanza kuonekana nzuri kuliko ulivyodhani.

Na mwenye eksesi ya 50,000 naye ana kizingiti chake. Primiamu yake 70,000 ni ya diskaunti hiyo hiyo, bei kamili 87,500, akidai kwa mtindo ule ule anapoteza kama 26,000, kwa hiyo chini ya 76,000 hivi asidai. Masharti ya diskaunti yanatofautiana, wengine wanakurudisha hatua moja, wengine wanaifuta yote, wengine wanakuuzia ulinzi wa diskaunti isiguswe, kwa hiyo kabla hujafanya hesabu hii piga simu uliza, nikidai mara moja mwakani nitalipa ngapi na mwaka unaofuata ngapi? Wakujibu kwa namba, wasikujibu kwa maneno. Ila jambo moja, kutodai sio kuficha. Bima nyingi zinakutaka uwataarifu ajali yoyote hata kama hutaki hela, na hasa kama kuna mtu mwingine ndani ya ajali taarifu kabisa, maana kesho anaweza kuja kukudai wewe na kampuni ikakwambia mbona hukusema.

Sasa kuna upande ambao hesabu hauuoni. Hesabu inasema kwa wastani, ila ajali haiji kwa wastani, inakuja Jumanne asubuhi. Gereji ikimaliza kazi, mara nyingi eksesi yako unailipa pale pale ndipo funguo zinatoka. Kijana mmoja alikuwa na eksesi ya 100,000, gari lake ndio la kazi, anabebea mizigo. Likagongwa upande wa mbele, kampuni ikakubali klemu bila shida yoyote, gereji ikamaliza ndani ya wiki mbili. Likakaa pale wiki tano zaidi. Limeng'arishwa, rangi mpya, limepaki kwenye kona limefunikwa turubai, na yeye anapita kuliangalia, hana 100,000. Kila wiki anapoteza kazi. Alikuwa ameokoa 6,000 kwa mwaka, miaka miwili, 12,000, na hizo zilishaenda kwenye matumizi ya kawaida kama hela nyingine yoyote. Hakukosea hesabu, alikosa tu hela mkononi siku hiyo.

Ndio maana mimi nasema eksesi ya juu kabisa unayoweza kuchagua ni ile unayoweza kuitoa kesho asubuhi bila kukopa, usizidishe hapo hata kama namba zinakushawishi. Ukikopa 100,000 kwa riba ya hawa wakopeshaji wa simu, faida ya miaka yako yote imeliwa ndani ya mwezi.

Na someni vizuri eksesi yenyewe imeandikwaje, maana sio zote ni namba nzima kama mfano wangu. Nyingine zimeandikwa kwa asilimia, na neno linalofuata baada ya asilimia ndilo lenye hela. Asilimia 5 ya klemu isiyopungua 20,000, kwa uharibifu wa 180,000, asilimia 5 ni 9,000, haifiki kima cha chini, kwa hiyo unalipa 20,000. Asilimia 5 ya thamani ya gari, gari letu la milioni 2, ni 100,000, hata kama uharibifu ni ule ule wa 180,000. Maneno mawili matatu tu yamebadilika, na umelipa mara tano. Halafu angalia kama kuna eksesi inayoongezwa juu ya ile uliyochagua, dereva kijana, dereva mwenye leseni mpya, gari likiibwa bila kifaa cha kulifuatilia. Hizo zinajumlishwa. Unaweza kuchagua 50,000 ukampa mdogo wako funguo akagonga, ukaambiwa 50,000 yako na nyingine juu. Na gari likiharibika kabisa lisitengenezeke pia eksesi inakatwa, kwenye ile thamani wanayokulipa, wengi hawajui hilo wanadhani eksesi ni ya gereji tu.

Kama kosa ni la mwenzako na ana bima, eksesi yako unaweza kuidai kwake au kwa kampuni yake, ila ni wewe unatangulia kutoa na wao wanarudisha baadaye, ikiwezekana. Kwa hiyo chukua namba ya gari lake, picha, mashahidi na ripoti ya polisi siku ile ile. Ila usiweke hiyo kwenye hesabu ya kuchagua eksesi, ichukulie kama deni, likilipwa alhamdulillahi.

Kuna baba pale nyuma alininong'oneza wakati naingia, akasema mimi nimegonga mara mbili mwaka huu, mwakani primiamu itapanda, nipandishe eksesi niishushe? Nimemwahidi nitajibu hapa. Mzee wangu, mara mbili kwa mwaka mmoja, ukipanda kutoka 20,000 kwenda 50,000 ungeongeza 60,000 ukaokoa 10,000. Primiamu ikipanda unatamani eksesi kubwa, lakini aliyegonga majuzi ndiye eksesi kubwa inamfaa kidogo kuliko wote, isipokuwa zile mbili zilikuwa mikwaruzo ambayo usingeidai tena ukijua hiki kizingiti. Zilikuwa nini? Kioo cha pembeni, na nyingine? Mlango, 30,000. Haya. Basi zote mbili zipo chini ya kizingiti, wala hazihesabiki, na jibu langu linageuka. Panda kwenda 50,000, ila kwanza weka hela pembeni kidogo kidogo mpaka ifike 50,000 yenyewe, na mpaka siku itakapofika hapo, baki ulipo na hiyo 20,000 yako.